Desimali zinapopotea ndani ya Excel: kutambua athari za Set precision as displayed na kurekebisha kinachorekebishika

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefungua faili la Excel ambalo hesabu zake zilikuwa sahihi mwezi uliopita, akakuta leo zimehama kidogo bila mtu yeyote kubadilisha fomula. Sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini moja ni mbaya kuliko nyingine, kwa kuwa haiachi ujumbe wa kosa wala alama nyekundu, na ikishafanya kazi yake haifutiki kwa kuizima. Sababu hiyo ni chaguo linaloitwa `Set precision as displayed`, ambalo hupatikana kwa kufungua `File`, kisha `Options`, kisha `Advanced`, na kushuka hadi sehemu yenye kichwa `When calculating this workbook`.

Chaguo hili linagusa nini

Kwa kawaida Excel hutenganisha namba iliyohifadhiwa na namba inayoonekana. Ukiandika 48.5 katika seli iliyopangiwa kuonyesha namba nzima, macho yataona 49, lakini seli yenyewe imeshika 48.5, na kila fomula inayoitegemea itatumia 48.5. Excel huhifadhi hadi tarakimu 15 za namba, na mpangilio wa mwonekano ni nguo tu iliyovalishwa juu yake.

Ukitia tiki kwenye chaguo hili na kubonyeza `OK`, Excel hutoa onyo moja fupi, `Data will permanently lose accuracy.`, na ukilikubali, utengano huo unaondoka katika faili zima, ikiwamo kurasa zilizofichwa na zile ambazo hukuzifikiria. Hapo ndipo inapobidi kutofautisha aina mbili za seli, kwa sababu uchunguzi wote unaofuata unategemea tofauti hiyo. Seli yenye namba iliyoandikwa kwa mkono au kubandikwa hubadilishwa palepale: 48.5 inakuwa 49, na ile nusu haipo tena mahali popote ndani ya faili. Seli yenye fomula hubaki na fomula yake, ila jibu lake hukadiriwa hadi desimali zinazoonekana kabla ya kupokelewa na seli nyingine. Chaguo likizimwa, fomula zinahesabu tena kwa ukamilifu, lakini namba zilizoandikwa zinabaki zilivyokatwa.

Seli zenye mpangilio wa `General` haziguswi. Kumbuka jambo hilo, kwa maana ndilo litakalotupatia alama bora ya kutambulia.

Dalili ya kwanza: jumla iliyokuwa hailingani sasa inalingana, lakini malipo yamebadilika

Watu wengi huingia kwenye tatizo hili kwa nia njema kabisa. Ushirika mmoja wa wafugaji wa maziwa uliniomba niangalie faili lake, na kiini cha mkasa ninaweza kukieleza kwa wanachama sita tu. Lita zao za mwezi ziliandikwa hivi katika safu ya B: 212.4, 187.3, 305.4, 96.2, 148.4 na 261.3. Safu hiyo ilipangiwa kuonyesha namba nzima ili ripoti isijae nukta, kwa hiyo karatasi iliyochapishwa ilionyesha 212, 187, 305, 96, 148 na 261, na chini yake jumla ya 1,211.

Mwanachama mmoja akajumlisha karatasi ile kwa kikokotoo chake, akapata 1,209. Hakukosea, na Excel pia haikukosea, kwa kuwa jumla ya namba halisi ni 1,211.0 na jumla ya namba zinazoonekana ni 1,209. Lakini katika mkutano, karatasi ambayo haijumlishiki inaonekana kama wizi, na mweka hazina akatafuta dawa, akaelekezwa kwenye `Set precision as displayed`. Akatia tiki. Jumla ikawa 1,209, karatasi ikalingana na kikokotoo, na shauri likafungwa.

Kilichotokea chini yake ni kwamba desimali za wanachama wote sita zilifutwa. Bei ya lita, iliyokuwa kwenye seli `E1`, ilikuwa shilingi 48.50, nayo ilipangiwa kuonyesha namba nzima, ikageuka kuwa 49 kweli. Kabla ya tiki, malipo ya mwezi yalikuwa 1,211 mara 48.50, yaani shilingi 58,733.50. Baada yake yakawa 1,209 mara 49, yaani shilingi 59,241. Lita zimepungua na fedha zimeongezeka kwa 507.50. Mwelekeo huo wa kupingana, kiasi kushuka na thamani kupanda, ndio ulionifanya nishuku mpangilio wa faili kabla ya kumshuku mtu aliyeingiza takwimu, kwa sababu mtu anayekosea lita moja hagusi bei.

Mwezi uliofuata mweka hazina aliona bei imekuwa 49 akairudisha 48.5. Hapo ndipo dalili ya pili ilipojitokeza.

Dalili ya pili: seli inakataa namba unayoiandika

Aliandika 48.5, akabonyeza `Enter`, ikawa 49. Akaandika tena, ikawa 49 tena. Akadhani kinanda kina hitilafu.

Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kubofya seli hiyo na kutazama upau wa fomula ulio juu ya jedwali. Katika faili la kawaida, seli itaonyesha 49 na upau utaonyesha 48.5. Katika faili lenye chaguo hili, vyote viwili vitaonyesha 49. Kama upau bado una desimali zako, hakuna kilichopotea na tatizo lako ni la mwonekano tu; ongeza nafasi za desimali na uendelee na kazi.

Seli za viwango ndizo zinazohitaji macho makali kuliko zote, kwa sababu lita iliyokatwa inamuumiza mtu mmoja, lakini kiwango kilichokatwa kinaingia katika kila mstari. Chukua jedwali la mishahara nchini Kenya, ambako mchango wa bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi na tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi. Kama seli za viwango hivyo zimepangiwa kuonyesha asilimia nzima, baada ya tiki zitakuwa asilimia 3 na asilimia 2. Mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 40,000 atakatwa 1,200 badala ya 1,100 kwa bima, na 800 badala ya 600 kwa tozo ya nyumba, yaani shilingi 300 zaidi kila mwezi. Jedwali litaonekana safi, kila jumla italingana, na tofauti itagunduliwa siku makato yatakapolinganishwa na yale yanayotakiwa kuwasilishwa. Kiwango kidogo zaidi, kwa mfano asilimia 0.4, kitakuwa sifuri na kufuta makato yote.

Tatizo hilohilo huzuka unapobandika takwimu kutoka faili lingine safi. Zikifika katika seli zilizopangiwa desimali chache ndani ya faili lenye chaguo hili, zinakatwa wakati huohuo. Vilevile, ukipunguza nafasi za desimali kwa kitufe cha `Decrease Decimal`, jambo ambalo katika faili lingine lolote halina madhara, hapa umefuta takwimu, na ukiziongeza tena utaona sifuri tupu.

Dalili ya tatu: nimezima chaguo, mbona hazirudi?

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na nalijibu bila kuficha: hazitarudi kwa kuzima. Kuondoa tiki kunazuia uharibifu mpya na kunaziachia fomula zihesabu kwa ukamilifu. Katika mfano wetu, mweka hazina alipoondoa tiki na kuandika 48.5, bei ilikaa, na malipo yakawa 1,209 mara 48.50, yaani shilingi 58,636.50. Bado yalikuwa pungufu kwa shilingi 97 ukilinganisha na 58,733.50 za awali, na shilingi 97 ni thamani ya lita mbili kamili, zile zilizofutwa kwa vipande vidogo kwa wanachama sita. Faili lilionekana limepona, kwa kuwa tiki haipo na bei ni sahihi, lakini jeraha lilikuwa bado kwenye safu ya B.

Kwa sababu hiyo, kuona kisanduku hakina tiki leo hakuthibitishi kwamba hakikuwahi kutiwa tiki jana.

Kutambua uharibifu wa zamani

Kama chaguo limeshazimwa, au umepokea faili kutoka kwa mtu mwingine, itabidi usome alama zilizobaki kwenye takwimu zenyewe. Alama yenye nguvu kuliko zote ni tofauti kati ya seli za `General` na seli zilizopangiwa desimali. Ukikuta katika ukurasa mmoja safu ya `General` yenye desimali za kila namna, na jirani yake safu ya vipimo vya aina ileile ambayo kila namba inaishia hasa pale mwonekano wake unapoishia, bila hata moja kuzidi, una haki ya kushuku. Vipimo vya mizani na vya lita havijipangi hivyo vyenyewe.

Ili usitazame seli moja moja, hesabu ni seli ngapi za safu zenye desimali zaidi ya zinazoonekana. Kwa safu inayoonyesha namba nzima:

```
=SUMPRODUCT(--(ABS(B2:B7-ROUND(B2:B7,0))>0.000001))
```

Kwa lita zetu za awali fomula hii ingetoa 6. Baada ya tiki inatoa 0. Kwa safu yenye desimali mbili, badilisha ile 0 iliyo ndani ya `ROUND` iwe 2. Safu ikiwa na maandishi katikati, fomula italeta `#VALUE!`, kwa hiyo chagua eneo lenye namba tupu. Jibu la sifuri peke yake si ushahidi, kwa maana idadi ya ng'ombe haina desimali kwa asili yake. Linakuwa ushahidi pale unapojua kwamba chanzo cha takwimu kilikuwa na desimali.

Alama nyingine ni ripoti ambayo kila jumla yake inalingana hadi shilingi ya mwisho na namba zinazoonekana, katika kurasa zote, ilhali hakuna fomula hata moja yenye `ROUND`. Jedwali lenye kuzidisha na kugawanya mara nyingi halifikii usafi huo lenyewe.

Mambo yanayofanana nalo

Kabla ya kulitia hatiani chaguo hili, ondoa washukiwa wengine. Anayechanganywa nalo mara nyingi zaidi ni faili la CSV. Excel inapohifadhi CSV huandika namba kama zinavyoonekana, hivyo ukilifungua faili hilo tena desimali zilizofichwa hazimo, na upau wa fomula utathibitisha hazimo. Tofauti ni kwamba faili la awali la `.xlsx` bado ni zima, kwa hiyo lifungue ulilinganishe. Mshukiwa mwingine ni mtu aliyeweka `ROUND` ndani ya fomula na baadaye akabandika majibu kama thamani tupu. Kuna pia namba ndefu kupita tarakimu 15, kama namba za kadi, ambazo tarakimu zake za mwisho hugeuka sifuri. Hilo hutokea katika kila faili la Excel na halihusiani na tiki yoyote.

Kuthibitisha kama chaguo linafanya kazi sasa hivi

Chaguo hili huhifadhiwa pamoja na faili na halihusu kompyuta nzima. Ndiyo sababu mfanyakazi mmoja anaweza kufungua mafaili mawili na kupata tabia mbili tofauti, na ndiyo sababu faili lililotengenezwa kwa `Save As` kutoka lile la mwaka jana huzaliwa nalo. Jaribio lifanyike ndani ya faili lenyewe linaloshukiwa. Ongeza ukurasa mtupu, ipangie seli `A1` kuonyesha desimali mbili, kisha andika:

```
A1:  =1/3
B1:  =A1*3
```

Kama `B1` inaonyesha 1, chaguo limezimwa. Kama inaonyesha 0.99, limewashwa, kwa sababu `A1` imetoa 0.33 kamili na si theluthi. Mwenye mafaili mengi anaweza kufungua dirisha la VBA kwa `Alt+F11`, abonyeze `Ctrl+G`, na kuuliza moja kwa moja:

```
?ActiveWorkbook.PrecisionAsDisplayed
```

Jibu litakuwa `True` au `False`.

Jaribio la theluthi linaonyesha pia jambo ambalo hata wahasibu wazoefu hulikosa. Ukadiriaji hufanyika kwenye jibu la mwisho la kila seli, si katikati ya fomula. Ukiandika `=1/3*3` katika seli moja utapata 1 hata chaguo likiwa limewashwa. Ukiigawanya hesabu hiyohiyo katika seli mbili utapata 0.99. Kwa hiyo mafaili mawili yenye hesabu ileile yanaweza kutofautiana kwa sababu tu mmoja alitumia safu za kati na mwenzake hakuzitumia, na mtu atatafuta kosa la fomula ambalo halipo.

Marekebisho, kwa mpangilio huu

Ikiwa ndiyo kwanza umekubali lile onyo na hujahifadhi, funga faili bila kuhifadhi na ulifungue upya. Usihangaike na kitu kingine. Angalia tu kwamba kama faili liko OneDrive au SharePoint na `AutoSave` imewashwa, huenda limeshahifadhiwa lenyewe. Hapo nenda `File`, `Info`, kisha `Version History`, ufungue toleo la kabla ya tiki.

Ikiwa uharibifu ni wa siku nyingi, nakili faili lilivyo kwanza, kisha ondoa tiki, na ufanye kazi kwenye ile nakala. Usianze kuingiza namba sahihi kabla ya kuondoa tiki, kwa maana zitakatwa unapozileta. Baada ya hapo tafuta nakala ya zamani, ifungue kando, na ulinganishe seli kwa seli ili ujue zipi ziliguswa. Mfano, kama nakala ya zamani inaitwa `Nakala.xlsx` na ukurasa ni `Lita`:

```
=ABS(B2-[Nakala.xlsx]Lita!B2)>0.000001
```

Kila `TRUE` ni seli ya kurejeshwa. Anza na seli za viwango, bei na thamani za kubadilisha fedha, kwa kuwa ndizo zinazosambaza kosa, kisha ndipo uende kwenye vipimo vya mtu mmoja mmoja.

Kama hakuna nakala, jaribu mahali pawili. Jedwali la `PivotTable` hushika kumbukumbu yake yenyewe ya takwimu za chanzo, na kama halijaburudishwa tangu tiki ilipotiwa, kubofya mara mbili kwenye jumla yake kunaweza kufungua orodha yenye desimali za awali. Usibonyeze `Refresh` kabla ya kujaribu. Mahali pa pili ni karatasi: stakabadhi, daftari la mizani, au risiti za mapokezi. Katika ushirika ule lita zilirudishwa kutoka daftari la kituo cha kupokea maziwa, na kazi hiyo ilimalizika kwa jioni mbili. Ambacho hakifai ni kubuni desimali ili jumla ifike pale ilipokuwa, maana jumla sahihi inaweza kutokana na migawanyo mingi isiyo sahihi, na atakayepunjwa ni mwanachama.

Kupata jumla inayolingana bila kufuta takwimu

Haja ya mweka hazina ilikuwa ya haki, na haifai kumwacha bila jibu. Kwa lita, suluhisho lilikuwa kuonyesha desimali moja, kwa kuwa mizani yao husoma hadi desimali moja. Karatasi ikaandika 212.4 na wenzake, na jumla ya 1,211.0 ikathibitika kwa kikokotoo chochote. Kwa malipo, chama kililipa shilingi nzima, hivyo ukadiriaji uliwekwa ndani ya fomula, mahali panapoonekana na kila mkaguzi:

```
=ROUND(B2*$E$1,0)
```

Sasa kila mwanachama anapata kiasi kilichokadiriwa mara moja, jumla inajumlisha viasi hivyohivyo, na lita na bei zinabaki kamili. Kwa takwimu zetu malipo yanakuwa 10,301, 9,084, 14,812, 4,666, 7,197 na 12,673, jumla 58,733. Ile nusu shilingi iliyotofautiana na hesabu kamili iliandikwa kwenye mstari wake, chini ya jumla, kama tofauti ya ukadiriaji.

Sababu nyingine inayowafikisha watu kwenye tiki hii ni mabaki madogo ya hesabu za kompyuta. Fomula `=1*(0.5-0.4-0.1)` haitoi sifuri katika Excel. Inatoa namba hasi ndogo sana, takriban -2.78E-17, kwa sababu 0.4 na 0.1 haziwezi kuandikwa kikamilifu katika mfumo wa jozi. Mtu anayelinganisha salio na sifuri anapata `FALSE` na kuudhika. Hapo pia `ROUND` kwenye ile seli moja inatosha, na faili lililobaki halihitaji kuguswa.